Kutoka picha ya jedwali la ada hadi tangazo la malipo: mwongozo kwa mhasibu wa shule

Katika shule nyingi za msingi za binafsi hapa Tanzania, ada ya mwaka mpya hupitishwa na bodi mwishoni mwa mwaka, mkuu wa shule akaisaini na kuipiga mhuri, kisha karatasi ikabandikwa ubaoni. Mhasibu, ambaye huenda yuko likizo kijijini kwao, hutumiwa picha ya karatasi hiyo kwa simu na kuambiwa kwamba matangazo ya wazazi yanatakiwa kabla ya shule kufunguliwa mwezi Januari. Kwa mzazi mwenye mtoto mmoja, kazi ni kunakili na kujumlisha. Kwa mzazi mwenye watoto wawili au watatu, linaingia punguzo la ndugu, na hapo ndipo matangazo mengi huharibika, kwa sababu makosa matatu hukutana: tarakimu iliyosomwa vibaya, tanbihi isiyosomwa kabisa, na punguzo lililokatwa mahali pasipostahili.

Niliwahi kutumiwa picha ambayo kidole gumba cha mpigaji kilifunika mwisho wa mstari wa chini. Nilichokiona ni "punguzo la ndugu 10%", nikalikata kwenye jumla yote ya kila mtoto. Maneno yaliyokuwa chini ya kidole yalikuwa "kwa ada ya masomo tu". Tuligundua wazazi walipokwisha kupokea barua zenye mhuri, na kwa muhula ule shule ililazimika kuyaheshimu maandishi yangu. Mwongozo huu nimeupanga kwa kumkumbuka mtu aliye na picha ya namna hiyo mkononi.

Picha yenyewe

Usianze kuhesabu kabla hujaikubali picha. Mwombe aliye shuleni aiondoe karatasi ubaoni, ailaze mezani karibu na dirisha, na apige kutoka juu huku simu ikiwa sambamba na karatasi, kwa maana picha iliyopigwa kwa mshazari huipinda mistari ya jedwali, na macho yako yatateleza kutoka safu ya darasa moja hadi ya darasa jingine bila wewe kujua. Kama karatasi imefunikwa kwa plastiki, mwangaza wa kamera uzimwe, la sivyo doa jeupe litameza tarakimu mbili tatu katikati. Apige picha moja ya karatasi nzima, pembe zote nne zikionekana, halafu picha mbili za karibu: ya jedwali na ya maandishi madogo yaliyo chini yake. WhatsApp huipunguza ubora picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo aitume kama faili la nyaraka, si kama picha ya mazungumzo.

Kwenye picha ya karatasi nzima, tafuta mambo manne kabla ya tarakimu yoyote: mwaka, saini na mhuri, maneno "kwa muhula" au "kwa mwaka", na mstari wa mwisho kabisa wa ukurasa. Karatasi ya mwaka jana hufanana sana na ya mwaka huu. Kuhusu muhula na mwaka, zipo karatasi ambazo ada imeandikwa kwa mwaka ilhali chakula na usafiri vimeandikwa kwa muhula, na mhasibu asiyeliona hilo atamdai mzazi ada ya mihula miwili kwa mpigo. Pakiwa na tarakimu iliyokatwa kwa kalamu na nyingine kuandikwa pembeni, mpigie mkuu wa shule na umwombe aithibitishe kwa ujumbe wa maandishi, kwa kuwa simu ya mdomo haitakusaidia siku mzazi atakapokuja na karatasi isiyo na marekebisho hayo.

Kuithibitisha kila tarakimu

Hebu tuchukue jedwali la mfano, la muhula wa kwanza, viwango vyote vikiwa shilingi za Tanzania kwa muhula:

| Darasa | Ada ya masomo | Chakula | Mitihani | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Awali | 480,000 | 150,000 | 15,000 | 645,000 |
| La 1 hadi la 3 | 560,000 | 180,000 | 20,000 | 760,000 |
| La 4 hadi la 7 | 630,000 | 180,000 | 35,000 | 845,000 |

Chini yake pameandikwa: "Usafiri: Ukanda A 120,000, Ukanda B 170,000. Punguzo la ndugu: mtoto wa pili 10%, wa tatu na kuendelea 15%, kwa ada ya masomo tu. Malipo ni kwa awamu mbili zilizo sawa."

Katika picha hafifu, 3 na 8 ni mapacha, vivyo hivyo 1 na 7, na 5 na 6. Tuseme umesoma ada ya darasa la 4 hadi la 7 kuwa 680,000. Jumlisha mstari wake: 680,000 na 180,000 na 35,000 ni 895,000, ilhali karatasi inasema 845,000. Tofauti ni 50,000, na pengo la 3 na 8 katika nafasi ya makumi elfu ni hilo hilo 50,000, kwa hiyo unajua tarakimu ya kurudia kuitazama. Fanya hivyo kwa kila mstari. Mstari ukikataa kuoana hata baada ya kuitazama upya picha ya karibu, huenda aliyechapa karatasi ndiye aliyekosea kujumlisha, na hapo huna mamlaka ya kuchagua kipi ni sahihi kati ya jumla na sehemu zake. Uliza.

Angalia sasa kwamba usafiri na asilimia za punguzo havina jumla yoyote ya kuvilinda. Ukisoma 170,000 kama 110,000, hakuna mstari utakaolalamika. Tarakimu za namna hii zithibitishwe kwa njia nyingine: mtu aliye mbele ya karatasi akusomee kwa sauti, nawe uandike bila kutazama picha, kisha ulinganishe. Ukiwa na nakala za risiti za muhula uliopita, zitakuonyesha angalau kama kiwango ulichosoma kiko karibu na cha zamani. Ukanda B ulio nafuu kuliko Ukanda A ni dalili ya wazi kwamba umesoma vibaya, isipokuwa basi la shule limebadili njia.

"Ndugu" ni nani, na "wa pili" ni yupi

Lugha yetu yenyewe inatutega hapa. Kwa Kiswahili, mtoto wa mama mkubwa ni ndugu, mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na hata wa ukoo ni ndugu. Karatasi inaposema "punguzo la ndugu" bila kufafanua, mzazi anayemlea mtoto wa dada yake pamoja na wake wawili atadai kwa haki kabisa kwamba ana watoto watatu. Shule nyingi hukusudia watoto wanaolipiwa na mzazi au mlezi mmoja, lakini kukusudia si kuandika. Mwombe mkuu wa shule atoe tafsiri moja kwa maandishi, uitumie kwa familia zote, na uinakili ndani ya tangazo.

Kuzitambua familia kwa majina hakufai. Ndugu wa tumbo moja huweza kuandikishwa mmoja kwa jina la babu na mwingine kwa jina la ukoo, na watoto wawili wenye jina la mwisho linalofanana wasiwe na uhusiano wowote. Namba ya simu ya mzazi ni afadhali, ingawa nayo huponyoka pale baba alipoandika namba yake kwa mtoto mmoja na mama akaandika yake kwa mwingine. Suluhisho ninalolitumia ni kumpa kila mlipaji namba ya familia, kwa mfano F-037, na kuiandika kwenye daftari la ada mbele ya kila mtoto wake. Siku moja ya kupitia fomu za kujiunga inatosha kwa shule ya wanafunzi mia tatu.

Kisha kuna suala la mpangilio. Mtoto wa kwanza ni yule mkubwa, au yule aliyeandikishwa kwanza? Wengi hudhani ni jambo moja, lakini familia ikihamia mjini, mara nyingi mdogo huanza Awali kwanza na wakubwa huhamishwa baadaye. Tuchukue familia ya F-037, yenye watoto Darasa la 5, Darasa la 2 na Awali. Tukipanga kwa umri, wa Darasa la 5 analipa ada kamili, wa Darasa la 2 anapunguziwa asilimia 10 ya 560,000, yaani 56,000, na wa Awali asilimia 15 ya 480,000, yaani 72,000. Punguzo lote ni 128,000. Tukipanga kwa kuandikishwa, ikiwa wa Awali ndiye aliyetangulia na wa Darasa la 5 ndiye wa mwisho, mkubwa anapunguziwa asilimia 15 ya 630,000, yaani 94,500, na wa katikati 56,000 zile zile, hivyo jumla inakuwa 150,500. Karatasi ni ile ile, familia ni ile ile, na tofauti ni 22,500. Bila kauli ya mkuu wa shule, usichague mwenyewe. Katika mfano huu tuseme amejibu kwamba mpangilio ni wa umri.

Hesabu ya familia moja

Andika kila mtoto kwa mstari wake, na punguzo ulikate kwenye ada peke yake kabla ya kuongeza kitu kingine chochote. Mtoto wa Darasa la 5: ada 630,000, chakula 180,000, mitihani 35,000, jumla 845,000. Mtoto wa Darasa la 2: ada 560,000 kutoa 56,000 ni 504,000, ukiongeza chakula 180,000 na mitihani 20,000 unapata 704,000. Mtoto wa Awali: ada 480,000 kutoa 72,000 ni 408,000, ukiongeza 150,000 na 15,000 unapata 573,000. Watatu kwa pamoja ni 2,122,000.

Sasa ifanye hesabu hiyo hiyo kwa kupita mlango mwingine. Chukua jumla zilizochapwa kwenye karatasi, 845,000 na 760,000 na 645,000, ambazo ni 2,250,000, kisha utoe punguzo lote la 128,000. Unapata tena 2,122,000. Njia mbili zikikutana, unaweza kuendelea, na zisipokutana, kosa karibu kila mara liko kwenye punguzo.

Usafiri huingia baada ya hapo, na si wa kukisia. Wawili wakubwa wa F-037 hupanda basi la Ukanda B, lakini wa Awali hutoka mapema na huchukuliwa na bibi yake, kwa hiyo usafiri ni mara mbili ya 170,000, yaani 340,000, na jumla inafika 2,462,000. Orodha ya basi itoke kwa matroni au dereva wa muhula uliopita, kisha ithibitishwe na mzazi. Mwisho kabisa huja salio la zamani, ambalo huandikwa kwenye mstari wake peke yake, liwe deni au ziada. Familia hii ilizidisha 62,000 muhula uliopita, hivyo inatakiwa kulipa 2,400,000, sawa na 1,200,000 kwa kila awamu. Ziada hiyo usiitoe ndani ya ada kabla ya kukokotoa punguzo, kwa sababu utakuwa umebadilisha msingi wa asilimia.

Kosa la kidole gumba lingeonekanaje kwa familia hii? Asilimia 10 ya 760,000 ni 76,000, na asilimia 15 ya 645,000 ni 96,750, jumla 172,750 badala ya 128,000. Shule inapoteza 44,750 kwa familia moja. Familia kama hizo zikiwa arobaini, pengo ni 1,790,000, fedha ambazo mpishi na dereva wa basi watazisubiri bila kuziona.

Ukitumia Excel

Kwa familia zaidi ya kumi, jedwali la kompyuta linakuondolea uchovu. Weka namba ya familia safu ya A, jina B, darasa C, nafasi ya mtoto D, ada E, chakula F, mitihani G, usafiri H. Punguzo liwe I, jumla ya mtoto J, na jumla ya familia nzima kabla ya salio la zamani K:

```
I2: =IF(D2=1,0,IF(D2=2,0.1*E2,IF(D2>=3,0.15*E2,"KAGUA")))
J2: =E2-I2+F2+G2+H2
K2: =SUMIF(A:A,A2,J:J)
```

Neno "KAGUA" lina kazi yake. Wengi huandika fomula fupi zaidi, inayosema kwamba nafasi isiyo 1 wala 2 ipewe asilimia 15. Ukisahau kujaza nafasi ya mtoto, kisanduku kitupu si 1 wala 2, na mtoto wa pekee wa mzazi anapata punguzo la mtoto wa tatu kimyakimya. Kwa fomula ya hapo juu, kisanduku kitupu kinaleta "KAGUA", na safu ya J inaonyesha `#VALUE!`, ambayo huwezi kuipita bila kuiona. Katika safu za fedha andika tarakimu tupu; ukiongeza alama ya /= tuliyoizoea kwenye risiti, kompyuta itaichukua kama maandishi. Kabla ya kuchapa chochote, chagua familia tatu, mojawapo iwe ya watoto watatu, uzihesabu kwa kalamu na ulinganishe na safu ya K.

Tangazo lenyewe

Mzazi anatakiwa aweze kuirudia hesabu yako akiwa ameshika karatasi ya ada. Kwa hiyo tangazo lisitoe jumla peke yake. Kwa familia yetu ningeliandika hivi:

> Kumb. Na.: ADA/M1/F-037
>
> Ndugu Mzazi/Mlezi,
>
> YAH: MALIPO YA MUHULA WA KWANZA
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Malipo ya watoto wako watatu yamekokotolewa kwa jedwali la ada lililoidhinishwa, ambalo nakala yake imeambatishwa. Punguzo la ndugu hutolewa kwa watoto wanaolipiwa na mzazi au mlezi mmoja, kwa kufuata umri, na linahusu ada ya masomo tu. Halihusu chakula, mitihani wala usafiri.
>
> Mtoto wa Darasa la 5 (wa kwanza, hana punguzo): Sh. 845,000.
> Mtoto wa Darasa la 2 (wa pili, punguzo 10% ya 560,000 = 56,000): Sh. 704,000.
> Mtoto wa Awali (wa tatu, punguzo 15% ya 480,000 = 72,000): Sh. 573,000.
> Usafiri Ukanda B, watoto wawili: Sh. 340,000.
> Toa ziada ya muhula uliopita: Sh. 62,000.
> Jumla ya kulipa: Sh. 2,400,000 (milioni mbili na laki nne).
>
> Awamu ya kwanza, Sh. 1,200,000, ilipwe kabla ya shule kufunguliwa, na awamu ya pili, Sh. 1,200,000, kabla ya tarehe iliyopangwa na shule. Unapolipa benki, tafadhali andika namba ya familia F-037 kwenye maelezo ya malipo. Ukiona hesabu haioani na jedwali, au taarifa za usafiri si sahihi, fika ofisi ya uhasibu ukiwa na barua hii kabla ya kulipa.

Barua halisi itaje majina ya watoto, na jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno kama nilivyofanya, kwa kuwa sifuri moja ikidondoka, maneno huiokoa. Namba ya familia kwenye maelezo ya benki inakusaidia mzazi anapolipa mara moja kwa wote watatu, jambo ambalo hufanywa na wengi; bila hiyo, utabaki na 1,200,000 isiyojulikana ni ya nani.

Familia moja inahitaji sentensi ya ziada mwezi Januari: ile ambayo mtoto wake mkubwa amehitimu Darasa la Saba. Mdogo wake aliyekuwa wa pili sasa ni wa kwanza, na punguzo lake limekwisha. Kama yuko Darasa la 2, mzazi aliyezoea 504,000 ataona 560,000 na atasema shule imepandisha ada kinyemela. Andika wazi kwamba ada haijabadilika, na kwamba punguzo limekoma kwa kuwa amebaki mtoto mmoja shuleni. Utaokoa simu nyingi.

Kila barua iende kwa mlipaji wake peke yake, kwa bahasha iliyofungwa au ujumbe wa faragha. Orodha ya familia zote na madeni yao isipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata kwa nia ya kukumbusha. Mbali na aibu kwa mzazi, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na deni la mzazi pamoja na jina la mtoto wake ni taarifa za mtu.

Kosa likigundulika baada ya kutuma, usirekebishe kwa kuandika juu ya nakala. Toa barua mpya yenye kumbukumbu ile ile na neno "REKEBISHO", ukionyesha mstari uliobadilika, kiasi cha zamani na kipya, na kusema kwamba barua ya kwanza imefutwa. Kama kosa lilimnufaisha mzazi na amekwisha kulipa, uamuzi wa kumdai tofauti au kuiacha ni wa mkuu wa shule na bodi, nawe mpelekee orodha kamili ya familia zilizoguswa na kiasi cha kila moja, pamoja na ile picha uliyoitumia kuhesabu.